Ukiuza chai kwa video, usifungue boksi lote mara moja

VIDEO ya kwanza ya binamu yangu ilikuwa ya dakika 3 na sekunde 10. Aliirekodi nyumbani kwao Litein, Kaunti ya Kericho, kwenye meza ya sebuleni, na sekunde 40 za mwanzo zote ni yeye akipambana na selotepu. "Chamgei watu wangu," anaanza, kisha kisu kinateleza, anacheka, anaenda kutafuta kisu kingine. Chai yenyewe inaonekana dakika ya pili, wakati ambapo mtazamaji wa TikTok ameshaona video nyingine kumi.

Lakini kilichomuumiza si watu kuboeka. Wiki moja baadaye mteja wa Nairobi alipokea mzigo, akapiga picha pakiti ikiwa kwenye kiganja chake, akaituma kwa WhatsApp na maneno matatu tu: "Ndo hii tu?"

Pakiti ilikuwa ileile aliyoagiza, gramu 50. Ila kwenye video ilikuwa imejaza skrini nzima, na kichwani mwake jamaa alikuwa amenunua kitu cha ukubwa wa pakiti ya unga. Binamu hakumdanganya. Kamera ndiyo ilimdanganya kwa niaba yake. Akarudisha pesa, na ya kusafirisha mzigo ikapotea hivyohivyo.

Nilipofika Litein likizo, alinipa kazi kabla sijamaliza kikombe cha kwanza. "Wewe si ndiyo unajifanya mtu wa kamera? Haya." Tulichukua kalamu kwanza, simu tukaiacha mezani.

Ndani ya boksi lake huwa kuna vitu vinne: pakiti ya chai nyeusi gramu 100, pakiti ya chai ya zambarau gramu 50, kichujio kidogo cha chuma, na kadi yenye maelezo ya kupika. Chai huinunua kwa msindikaji mdogo mwenye leseni, kisha yeye anauza mtandaoni. Kwenye video ya kwanza alianza na ile ya zambarau kwa sababu ndiyo ghali. Hapo ndipo tulipobishana.

Hoja yangu ilikuwa hii: kila kitu kinachotoka kwenye boksi kinajibu swali moja la mnunuzi, na maswali yana mpangilio wake. Mtu aliye Umoja au Pipeline akiona boksi kutoka Kericho, kwanza anajiuliza kama litafika bila kupondeka. Pili, ni kubwa kiasi gani? Tatu, ni majani ya aina gani? Halafu kuna swali la nne ambalo picha ya kawaida haiwezi kulijibu: hiyo zambarau ni ya kweli ama ni rangi ya karatasi tu? Jibu la hilo swali unaliweka mwisho, kwa sababu ndilo linalomfanya mtu asisogeze kidole.

Kwa wasioijua, chai ya zambarau si dawa wala si chai nyeusi iliyopakwa rangi. Ni aina ya mchai inayoitwa TRFK 306, iliyokuzwa na Wakfu wa Utafiti wa Chai hapahapa Kericho na kutolewa kwa wakulima mwaka wa 2011. Majani yake machanga yana rangi ya asili iitwayo anthosianini, ileile iliyo kwenye kabeji nyekundu. Rangi hiyo hubadilika ikikutana na asidi. Mimina chai kwenye glasi na utaona zambarau hafifu, karibu na kijivu. Kamulia limau na inageuka waridi mbele ya macho yako. Kwa muuzaji wa video, hiyo ni zawadi.

Ila usiiamini kabla ya kuijaribu. Majani ya mchai huohuo yakisindikwa kama chai nyeusi, yaani yakiachwa yabadilike rangi hewani, yanatoa kikombe cha kahawia, na limau litakifanya kififie tu. Tulijaribu glasi moja jikoni kabla ya kurekodi chochote. Shangazi alituangalia tukinywa chai bila maziwa, tena na limau, akauliza nani mgonjwa.

Skripti tuliyokubaliana ina sekunde 45. Niieleze jinsi ilivyo.

Sekunde 0 hadi 3: glasi ya zambarau iko mezani, kipande cha limau kinaningʼinia juu yake, vidole vinaanza kubana. Kata kabla tone halijaanguka. Hakuna salamu. Kwenye skrini kuna maneno mawili, "Subiri limau". Mtazamaji sasa ana deni analokudai, na atakaa akingoja ulipe.

Sekunde 3 hadi 8: boksi limefungwa. Selotepu imekatwa mapema kwa wembe, robo tatu ya urefu wake, ili mkono mmoja uivute yote mara moja na sauti yake isikike. Lebo ya anwani ifunikwe. Kwenye video ya zamani jina na namba ya simu ya mteja vilionekana wazi, na hilo ni kosa la kumfanya mteja akukimbie, mbali na kwamba Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019.

Sekunde 8 hadi 15: kifuniko kinafunguka, kamera ikiwa juu. Hapa binamu hasemi kitu. Analitikisa boksi kidogo, na mtu anaona pakiti hazichezi kwa sababu zimebanwa na karatasi zilizochanwa. Swali la kwanza limejibiwa bila neno.

Sekunde 15 hadi 31 ndizo zilizotuchukua mchana mzima, kwa sababu hapo ndipo picha za karibu zilipo. Chai nyeusi inatoka kwanza, kisha ya zambarau inawekwa kando yake, na kichujio na kadi vinapita chapuchapu, sekunde mbili zinatosha. Hakuna anayenunua boksi kwa sababu ya kichujio.

Sheria tuliyojiwekea ni kwamba hakuna picha ya karibu bila kitu cha kulinganisha. Pakiti ikijaza skrini, lazima iwe ndani ya mkono. Tena si mkono wowote. Shangazi huchuma chai, na vidole vyake vina ule weusi wa utomvu usiotoka kwa sabuni. Pakiti ya gramu 50 ikikaa kwenye kiganja chake, unaona ukubwa na unaona chai ilikotoka kwa pamoja. Baada ya hapo kamera inasoma uzito kwenye lebo. Kipimo chetu cha muda kilikuwa rahisi: soma maandishi kwa sauti mara mbili, na picha ikae muda huo. Lebo ya video ya kwanza ilipita kwa chini ya sekunde moja. Hata mimi niliyejua nilichokuwa nikitafuta sikuiona.

Kwa majani tulimimina kijiko kimoja cha kila chai kwenye karatasi nyeupe. Chai nyeusi ya viwandani huku hukatwa, kuraruliwa na kuviringishwa na mashine, kwa hivyo inatoka punje ndogo. Ile ya zambarau ya binamu ni majani marefu yaliyosokotwa. Zikikaa pamoja huhitaji kueleza tofauti.

Hapa watu wengi hukosea kwa kuisogeza simu karibu mno. Ukifika sentimita kama 5, lenzi kuu hushindwa kulenga na punje zinakuwa ukungu, au simu inahamia yenyewe kwenye lenzi pana na rangi inabadilika ghafla. Rudi nyuma hadi sentimita 25 hivi, kisha vuta kwa zumu ya mara 2. Ukiona picha ikirukaruka rangi unaposogea, jua simu imebadilisha lenzi.

Kisha kuna limau, sekunde 31 hadi 45. Ni karibu theluthi moja ya video kwa tukio moja, na hakuna kukata hata mara moja. Sehemu nyingine zote kata upendavyo. Hapa ukikata, mtazamaji ataamini umebadilisha glasi, na ana haki.

Jaribio la kwanza lilitushinda. Limau likaanguka, chai ikageuka waridi kwa macho yetu, lakini kwenye simu ilionekana kama maji machafu. Sababu ni kwamba simu ikiona rangi moja imetawala picha, hujaribu kuisawazisha. Dawa yake ni kuweka karatasi nyeupe chini na nyuma ya glasi, kisha kubonyeza na kushikilia kidole kwenye skrini mpaka kamera ijifunge. Kwa iPhone huandikwa `AE/AF LOCK`. Simu nyingine hufunga mwanga na fokasi tu, kwa hivyo ukiingia hali ya `Pro`, funga pia rangi nyeupe, `WB`.

Jaribio la pili liliharibiwa na mvuke. Asubuhi ya Litein ni ya baridi, na glasi moto iliyo karibu na lenzi huitia ukungu. Tukaiacha chai ipoe dakika tano. Limau hufanya kazi vilevile.

Jaribio la tatu liliharibiwa na Mungu. Mvua ya Kericho hupenda kuja mchana, na juu yetu kulikuwa na mabati. Hakuna kipaza sauti cha simu kinachoshindana na mabati. Binamu akapendekeza tungoje usiku turekodi kwa balbu, tukafanya hivyo, na mistari myeusi ikawa inapanda na kushuka kwenye picha nzima. Umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde, na balbu za bei nafuu humemeteka pamoja nao. Ukiwa huna budi, weka `Shutter` 1/50 au 1/100. Simu yake haikuwa na chaguo hilo.

Kwa hivyo tuliamka mapema, tukaweka meza karibu na mlango, upande usiotazama shamba. Ukikaa karibu sana na chai, mwanga unaorudi kutoka kwenye majani ni wa kijani, na karatasi yako nyeupe haitakuwa nyeupe tena. Saa mbili asubuhi wingu lilikuwa jepesi, kivuli hakuna. Kukamua polepole, tone moja, la pili, kisha lote. Waridi ikaanzia juu ikashuka. Kwenye sekunde tatu za mwisho ndipo bei inatokea, pamoja na maneno "gramu 50, gramu 100", kwa mara ya pili.

"Hii mikono yangu wataiona Nairobi?" shangazi akauliza.

Siku ya pili baada ya kuiweka, hakuna aliyeuliza ukubwa. Waliuliza kitu kingine, watu wanne, swali lilelile: pakiti moja inatoa vikombe vingapi? Jibu tulikuwa nalo kwenye kadi, ile tuliyoipitisha chapuchapu. Binamu ameshafuta mstari huo kwenye skripti. Kichujio ndicho kitakachopoteza sekunde zake.