Unauza vifaa vya dripu? Pima maji kabla hujaposti

Wadau, mteja wangu wa Hombolo alinirudishia seti ya dripu. Boksi linasema kila tundu linatoa lita 1.6 kwa saa, yeye shambani anapata nusu lita, mchicha umekauka. Boksi halikudanganya. Kipimo kile ni cha presha iliyoandikwa pembeni, 1 bar, yaani tenki liinuliwe mita 10. Lake lilikuwa mita 1, na hapo tundu la kawaida hutoa kama theluthi tu.

Siku hizi kila chapa naipima kwanza. Natandaza mpira mita 20, tenki juu mita 1, nakinga maji ya tundu la kwanza na la mwisho kwa dakika 15, kisha nazidisha kwa 4. Nikipata mililita 130 na 120, naiuza, na kwenye tangazo naandika nusu lita kwa saa. La mwisho likitoa 70, siichukui, maana mwisho wa tuta utakauka.

Filta naifungua mwenyewe. Wavu wake utoke na uoshike, uwe meshi 120. Ila visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, na filta hainasi chumvi iliyoyeyuka. Mwambie mteja mapema: akiona ukoko mweupe kwenye matundu, kosa si la filta.

Mwisho spea. Mpira wa milimita 16 unapata koki na viungio kirahisi. Saizi ngeni nikiileta, naagiza na viungio vya ziada, la sivyo kimoja kikipasuka mteja anakupigia wewe.