Sahani ya mwenye kisukari: ugali vijiko vingapi, maharage vingapi?

Leo tuongee msosi, lakini msosi wa wenye kisukari, maana naona wengi tumeshapewa ile karatasi ya kliniki yenye mchoro wa sahani: nusu mboga, robo wanga, robo protini. Mchoro ni mzuri na hesabu yake ni sahihi. Shida inaanza ukifika nyumbani.

Nimeliona hili kwa shangazi yangu pale Tabata. Ana kisukari aina ya pili na anatumia metiformini tu. Karatasi ameibandika ukutani kabisa, na anaapa anaifuata. Lakini sukari yake saa mbili baada ya chakula cha usiku ilikuwa haishuki chini ya 13. Nikamwambia, "Shangazi, hebu pakua kama unavyopakua siku zote, nikae nitazame." Akapakua. Kweli kabisa, ugali ulikaa robo ya sahani. Ila sahani yenyewe ni ile pana ya shughuli, na ugali umesimama kimo cha vidole vinne! Robo ya kwenye karatasi ina upana, haina kimo. Hapo ndipo watu wengi tunapopotea.

Sahani iliyokusudiwa kwenye mchoro ni ndogo, upana wake kama sentimita 23. Pima ya kwako kwa rula uone, nyingi za kwetu zinafika 26 au zaidi. Halafu wangapi tunakula kwenye sahani moja peke yetu? Ugali uko kwenye sinia, mboga kwenye bakuli, kila mtu anamega. Ndiyo maana nikaona tuhamie kwenye vijiko, kwa sababu kijiko kila nyumba kipo.

Kwanza pima kijiko chenyewe, maana havifanani. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 10 (sindano yenyewe huihitaji), vuta maji, jaza kijiko unacholia wali mpaka ukingoni. Cha shangazi kilimeza mililita 15. Cha kwangu, ambacho kwa macho ni kilekile, kilimeza 10 tu. Hesabu zote hapa chini ni za kijiko cha mililita 15. Kama chako ni 10, zidisha mara moja na nusu, yaani vijiko 10 vinakuwa 15. Na kijiko ni cha kufutwa juu kwa mgongo wa kisu, siyo cha mlima. Kijiko cha mlima kinaweza kubeba karibu mara mbili, na hapo hesabu yote imekufa.

Sasa tuje kwenye robo ya wanga. Kwa mtu mzima wa kawaida robo hiyo ni kama gramu 45 za wanga kwa mlo. Mwenye mwili mdogo asiyetembea sana anaweza kupangiwa 30, anayelima au kubeba mizigo akapangiwa zaidi. Kwa wali, gramu 45 ni vijiko kama 16. Kwa ugali mgumu wa sembe ni vijiko 10 tu vya kushindilia. Mbona ugali ni kidogo hivyo? Kwa sababu umeshikana, hauna hewa katikati kama punje za wali. Ndiyo maana ukiangalia kwa macho unadanganyika, robo ya wali na robo ya ugali zinaonekana sawa lakini mzigo siyo sawa. Na dona je? Dona ni bora kidogo kwa sababu ya makapi, ila vijiko ni vilevile. Wapo wanaosema "mimi nakula dona" halafu wanamaliza nusu sufuria.

Tulipoupima ule ugali wa shangazi tulihesabu vijiko 22. Zaidi ya mara mbili! Akacheka, akasema, "Mwanangu, kumbe miaka yote nilikuwa nakula robo mbili." Na hapo bado maharage.

Maharage ndiyo mtego wa pili, na nadhani ndiyo mkubwa zaidi. Kwenye mchoro yanakaa upande wa protini, na kweli protini ipo. Lakini vijiko 8 vya maharage yaliyochujwa mchuzi vina wanga kama gramu 20, karibu nusu ya posho yako ya mlo mzima. Hayapandishi sukari haraka kama ugali, maana sehemu ya wanga huo ni nyuzinyuzi, ila hesabu lazima yaingie. Basi kanuni niliyompa shangazi ni hii: siku ya maharage vijiko 8, ugali unashuka kutoka 10 mpaka 6. Siku ya samaki, nyama au dagaa ugali unabaki 10, kwa sababu hivyo havina wanga wa kuhesabu. Samaki usimpime kwa kijiko, kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole kinatosha. Dagaa waliopikwa ni vijiko 6 hivi.

Makande je? Hapo mahindi na maharage yameshachanganyika, huwezi kutenga robo. Chukua vijiko kama 14, huo ndio wanga wako na protini yako kwa pamoja, ujazie mboga pembeni. Usiweke na chapati tena, jamani.

Nusu ya mboga ni vijiko 16 mpaka 20 vya mchicha, matembele, bamia, kabichi au bilinganya. Hapa watu wanapunja, sababu mchicha ukipikwa unanywea. Mafungu mawili ya sokoni yanaweza kuishia bakuli dogo. Viazi, mahindi mabichi na njegere usiviweke upande huu hata kama vimepikwa kama mboga, hivyo ni wanga.

Shangazi alianza na mlo mmoja tu, wa usiku, kwa sababu vijiti vya kupimia ni ghali. Alipima kabla ya kula, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza. Siku ya ugali vijiko 22 na maharage: 7.4 ikapanda mpaka 14.1. Siku ya ugali 6, maharage 8 na mchicha 18: 7.2 ikaenda 9.6. Wengi wanapangiwa isivuke 10. Kama umehesabu vizuri na bado inavuka, punguza vijiko 2 vya wanga upime tena siku nyingine, na angalia pia soda, juisi na chai ya sukari kabla ya kulaumu ugali.

Lakini sikilizeni hapa. Shangazi anatumia metiformini peke yake. Kama wewe unachoma insulini au unameza glibenklamaidi, usikate ugali kutoka 22 kwenda 6 kwa siku moja bila kuongea na daktari wako, maana dozi ilipangwa kwa ule mlo mkubwa na sukari inaweza kushuka vibaya. Ukiona jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla na moyo kwenda mbio, koroga sukari vijiko vidogo vya chai 4 kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15. Na mwenye shida ya figo aulize kwanza kuhusu hiyo robo ya protini, hasa maharage.

Ndizi za kupika sijazipima bado, kwa sababu kwetu zinapikwa na mchuzi mpaka zinavurugika. Mdau mwenye kijiko na bomba la sindano huko Bukoba au Moshi, atuwekee hesabu yake hapo chini kwenye maoni.