Moshi Uliotokea Mara Mbili

Tarehe 9 Julai 2008 Jeshi la Walinzi wa Mapinduzi la Iran lilifanya jaribio la makombora, na tovuti yake ya habari, Sepah News, ikatoa picha ya makombora manne yakipaa kwa pamoja, kila moja na mkia wake wa moshi na wingu lake la vumbi chini. Shirika la habari la AFP likaisambaza, na haikuchukua muda ikatokea kurasa za mbele za Los Angeles Times, Financial Times na Chicago Tribune. Kisha shirika jingine, AP, likapata picha karibu sawa na hiyo kutoka chanzo hichohicho. Humo makombora yalikuwa matatu. Mahali pa lile la nne palionekana mtambo wa kurushia ambao kombora lake halikuondoka. AFP ikaiondoa picha yake.

Aliyeongeza kombora hakujisumbua kuchora moshi mpya. Alichukua vipande vya moshi na vumbi la makombora mengine mlemle pichani akavibandika pembeni. Mtu akiitazama kwa utulivu huona uvimbe uleule wa vumbi, na mkunjo uleule wa moshi, vikijitokeza mara mbili. Miaka miwili kabla ya hapo, Agosti 2006, picha ya Beirut baada ya shambulio la anga ilinaswa hivyohivyo, kwa sababu mafundo ya moshi yalijirudia kama chapa. Reuters iliachana na mpiga picha huyo na kuondoa picha zake zote 920 kwenye ghala lake.

Lakini si kila mghushi ni mzembe kiasi hicho. Ndiyo maana wachunguzi wa picha hawategemei umbo la moshi peke yake. Wanachokitafuta ni kidogo zaidi, nacho ni chenga.

Kila picha ya kamera ina chenga. Piga picha ukuta mweupe uliopakwa rangi moja, kisha ukuze mpaka uone pikseli mojamoja: hakuna mbili zinazolingana kabisa. Mwanga haufiki kwenye kamera kwa mtiririko ulio sawa, bali kwa chembe zinazoangukia pikseli hii nyingi kidogo na ile pungufu kidogo, na umeme wa ndani ya kamera huongeza mtikisiko wake. Mpangilio huo ni wa kubahatisha. Mawingu mawili ya vumbi yanaweza kufanana kwa umbo, lakini chenga za hili haziwezi kulingana na za lile pikseli kwa pikseli. Zikilingana, kimoja ni nakala ya mwenzake.

Kompyuta huutafuta ulingano huo kwa kukatakata picha katika visanduku vidogo, tuseme vya pikseli 16 kwa 16, ambavyo hupishana kwa pikseli moja tu. Picha ya wastani yenye pikseli 1000 kwa 750 hutoa visanduku karibu 724,000. Kulinganisha kila kimoja na kila kingine kungedai milinganisho zaidi ya bilioni 260, kwa hiyo watafiti walibuni njia ya mkato: kila kisanduku hufupishwa kuwa safu ya namba, kisha safu zote hupangwa kwa mfuatano kama maneno ya kamusi. Vinavyofanana hujikuta vimekaa jirani.

Hapo ndipo swali zuri linapoulizwa. Visanduku viwili vinavyofanana viko umbali gani, na upande gani? Tuseme kimoja kiko pikseli 255 kulia ya mwenzake na 12 juu yake. Peke yake, jozi hiyo haithibitishi kitu. Ila zikipatikana jozi mia tatu zilizokaa pamoja, zote zikiwa na umbali uleule wa 255 na 12, basi kuna kipande kizima kilichohamishwa kwa mkupuo.

Programu ya bure ya Forensically, inayofanya kazi ndani ya kivinjari, ina sehemu ya “Clone Detection” inayofuata wazo hili na kuunganisha kwa mistari sehemu zinazofanana. Mgeni akiifungua mara ya kwanza hushtuka, maana anga tupu la buluu huweza kujaa mistari, na ghorofa lenye madirisha ya aina moja pia. Si ughushi. Anga lina undani mdogo, na JPEG ikibana sana hufuta chenga na kuacha visanduku vinavyofanana kweli. Dawa ni kupandisha “Minimal Detail” ili sehemu tupu zipuuzwe, halafu kuangalia kilichobaki. Aliyezungusha au kukuza kipande kabla ya kukibandika naye huuponyoka mtego huu wa visanduku.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Lile kombora la Iran lingepita mtihani wa pili, wa kupima kiasi cha chenga, bila taabu. Moshi wake ulitoka katika picha ileile, kamera ileile, mwanga uleule, kwa hiyo chenga zake ni za nyumbani. Mtihani wa pili humkamata mgeni: mtu au gari lililokatwa kwenye picha nyingine.

Kazi yake ni kinyume cha kusafisha picha. Chukua pikseli tisa za ukutani zenye mwanga wa 121, 118, 124, 119, 122, 117, 120, 123 na 116. Zipange kwa ukubwa, ya katikati ni 120. Ikiwa pikseli ya kati ya kisanduku ilikuwa 122, ondoa 120, inabaki 2. Hiyo 2 ndiyo chenga yake. Programu hufanya hivyo kwa picha nzima, ikitupa sura na rangi na kubakiza mtikisiko. Picha isiyoguswa hutokea kama zulia la kijivu lenye vinyweleo vinavyobadilika taratibu. Mtu aliyebandikwa kutoka picha iliyopigwa gizani atakuwa na vinyweleo vikali kuliko waliosimama naye. Aliyepunguzwa ukubwa ili atoshee atakuwa laini mno, kwa sababu kupunguza picha huchanganya pikseli kadhaa kuwa moja na chenga zake hufutana.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kulinganisha visivyolingana. Kivuli na jua havina chenga sawa hata katika picha safi, na sehemu iliyopigwa na mwanga hadi ikawa nyeupe kabisa haina chenga hata kidogo. Nywele na majani hubaki yaking'aa kwa sababu ya kingo zao. Simu za siku hizi nazo hulainisha ngozi na kufifisha mandhari ya nyuma zenyewe, bila mmiliki kughushi chochote. Mchunguzi makini hulinganisha ngozi na ngozi, shati jeupe na shati jeupe, vilivyo kwenye mwanga mmoja.

Adui wa mitihani yote miwili ni picha iliyozunguka. WhatsApp huipunguza na kuibana kila inapotumwa kwa njia ya kawaida, na baada ya mizunguko michache chenga za kamera huwa zimefunikwa na mabaka ya JPEG ya pikseli 8 kwa 8. Programu ikikuonyesha utulivu kwenye picha ya namna hiyo, utulivu huo hauthibitishi kuwa picha ni ya kweli. Mwombe aliyeipiga akutumie faili lenyewe kama waraka, si kama picha, ndipo upime.