Mteja Anapokwenda Benki Badala ya Dukani

Aliyezoea kulipwa kwa simu ana imani moja ambayo kwenye kadi haipo: pesa ikishaingia ni yake. Mkenya aliyetuma M-Pesa kwenye namba siyo hupeleka ule ujumbe kwenda 456, na hata hapo aliyepokea huulizwa kabla pesa haijarudi. Kwenye kadi muuzaji haulizwi. Mteja huiambia benki yake kwamba malipo fulani ana tatizo nayo, benki hiyo huidai benki ya muuzaji kupitia Visa au Mastercard, na pesa hukatwa kwenye akaunti ya muuzaji kwanza. Maelezo yatakuja baadaye. Ndiyo chajibeki, na wauzaji wengi wa mtandaoni huku kwetu huijua siku inapowafika.

Hasara yake ni zaidi ya bei ya bidhaa. Chukua oda ya dola 84. Muuzaji hupoteza hizo 84, hupoteza mzigo uliokwishapanda ndege, nauli ya mzigo haimrudii, na juu yake kampuni inayompokelea malipo humtoza ada ambayo mara nyingi ni kati ya dola 15 na 25. Ada hiyo kwa kawaida hukatwa pingamizi linapofunguliwa tu, na kwa kampuni nyingi hairudi hata muuzaji akishinda.

Utaratibu huu haukuwekwa kwa ajili ya kumwonea muuzaji. Marekani iliweka kwenye sheria mwaka 1974 haki ya mwenye kadi ya mkopo kupinga ankara yenye kosa, na mitandao ya kadi ikajenga kanuni zake ambazo leo zinatumika karibu dunia nzima. Bila haki hiyo ni nani huko Minnesota angeandika namba za kadi yake kwenye tovuti ya duka la Zanzibar asilowahi kulisikia? Muuzaji wa mbali anaishi kwa imani ambayo benki ya mteja ndiyo iliyoidhamini.

Kila pingamizi huja na namba ya sababu. Kwa Visa, 10.4 maana yake mwenye kadi anasema hakufanya ununuzi huo wa mtandaoni, na kadi imetumiwa na mtu mwingine. 13.1 ni mzigo haukufika. 13.3 ni mzigo umefika lakini sicho kilichoelezwa, au ni kibovu. Zipo nyingine, ila duka la kawaida litaziona hizi tatu kuliko zote. Na hapa ndipo wauzaji wengi wanapokosea: huisoma namba hiyo kama ripoti ya kilichotokea. Namba inaeleza kile mteja alichoiambia benki, au kitufe alichobonyeza kwenye simu yake. Kitufe kilicho jirani kuliko vyote ni kile cha kusema humtambui muuzaji. Hakidai picha wala barua pepe mlizoandikiana. Anayedai mzigo haukufika huulizwa ulitarajiwa lini na kama aliwasiliana na duka. Kwa hiyo mtu mwenye haraka, au mwenye aibu, au mwongo, huishia kwenye 10.4.

Tuliangalie duka moja la mfano lililoko Zanzibar. Linauza vikoi, vikapu vya ukili na viungo kwa wateja wa Ulaya na Marekani, wengi wao watu waliowahi kuja kutembea. Desemba lilipata oda 800, Januari zikashuka hadi 200. Februari yakaingia mapingamizi 12: saba ya 10.4, manne ya 13.1 na moja la 13.3.

Mwenye duka akichukua 12 akagawanya kwa oda 200 za Januari, anapata asilimia 6, na presha inapanda. Si hesabu ya ovyo, kwani Mastercard hupima hivyohivyo: mapingamizi ya mwezi huu juu ya miamala ya mwezi uliotangulia. Kwake yeye, duka lenye mapingamizi yasiyopungua 100 kwa mwezi na kiwango cha asilimia 1.5 huingizwa kwenye uangalizi wenye faini. Duka letu halifikii idadi hiyo, lakini kampuni yake ya malipo ina macho yake yenyewe, na inaweza kuanza kuzuia sehemu ya mapato yake mapema zaidi.

Hata hivyo kwa kutafuta chanzo hesabu hiyo inapotosha. Pingamizi huchelewa. Kwa Visa, mteja anayesema hakupokea mzigo ana siku 120 zinazoweza kuhesabiwa tangu tarehe aliyoutarajia, si tangu alipolipa. Mwenye duka alipoyapanga mapingamizi yake kwa tarehe ya oda badala ya tarehe ya kupokea taarifa, 11 yakaangukia Desemba na moja Januari. Kumi na moja kwa oda 800 ni chini kidogo ya asilimia 1.4. Bado si kidogo, ila sasa swali limebadilika. Hatafuti tena kilichoharibika Februari. Anatafuta kilichotokea Desemba.

Yale manne ya 13.1 yalijieleza haraka. Oda zote zilifanyika kati ya tarehe 10 na 20 Desemba, zote kwenda Marekani, na ukurasa wa duka ulikuwa umeahidi siku kumi. Namba za kufuatilia kifurushi zilionyesha mizigo imetoka Zanzibar kwa wakati, ikakaa, ikaja kufika katikati ya Februari. Kwenye barua pepe za duka kulikuwa na ujumbe wa mteja mmoja, wa tarehe 6 Januari: "Habari dada, naulizia vikapu vyangu, ni vya zawadi." Jibu lilitoka tarehe 19. Kufikia hapo mteja alikuwa amekwishaenda benki. Huyu hakumwibia mtu. Alipewa ahadi, ikapita, akauliza, akanyamaziwa. Dawa yake ni kuandika siku 30 kwenye ukurasa badala ya kumi, hata kama baadhi ya wanunuzi watakimbia, na kuweka mtu wa kujibu barua pepe wiki mbili za mwanzo wa Januari, wakati ambao kila mtu dukani amechoka.

Zile saba za 10.4 zilikuwa na kazi zaidi. Ukizisoma juujuu, duka limevamiwa na wezi wa kadi. Mwenye duka akafungua oda mojamoja. Tano zilikuwa za wateja wa zamani, wameingia kwa akaunti zilezile, kwa kifaa kilekile, na mzigo umepokelewa kwenye anwani zao za siku zote. Mwizi hamtumii mwenye kadi kikapu nyumbani kwake. Ni nini basi? Akamwomba mteja mmoja anayemfahamu ampigie picha taarifa yake ya benki. Pale palipotakiwa kuwa na jina la duka paliandikwa jina la kampuni iliyosajiliwa na marehemu baba yake miaka ya nyuma, kampuni ya kuuza saruji. Mteja anaona Januari kwamba kampuni asiyoijua imemkata dola 84, hakumbuki kikoi cha wiki tano zilizopita, anabonyeza. Au mume ndiye aliyenunua, na mke ndiye anayesoma taarifa ya kadi. Kubadilisha jina linalotokea hapo ni ombi la mara moja kwa kampuni ya malipo. Nafasi ni fupi, kama herufi 22 hivi, kwa hiyo inafaa kuanza na jina ambalo mteja aliliona kwenye tovuti.

Sisemi kwamba wote watano ni wasahaulifu. Wapo watu wanaopokea mzigo, wakauvaa, wakapinga malipo, na takwimu za mapingamizi haziwezi kumtenga msahaulifu na mwongo. Nyayo zao ni zilezile. Kinachosaidia ni kumbukumbu. Tangu Aprili 2023 Visa inakubali kwa 10.4 ushahidi wa aina hii: muuzaji aonyeshe miamala miwili ya nyuma ya kadi hiyohiyo, yenye umri wa kati ya siku 120 na 365, ambayo haikupingwa, na ambayo inalingana na huu wa sasa kwa mambo angalau mawili, kama akaunti ya mteja au anwani ya kupelekea mzigo, mradi mojawapo iwe anwani ya IP au utambulisho wa kifaa. Akiwa navyo, hasara hurudi kwa benki ya mteja. Duka lisilohifadhi anwani ya IP ya kila oda halina la kuonyesha, hata mteja awe wa miaka mitano. Risiti ya posta peke yake kwenye 10.4 huwa haitoshi, kwa kuwa inathibitisha mzigo umefika, haithibitishi nani alilipa.

Oda mbili zilizobaki zilikuwa za wezi kweli, na zilionekana tofauti kabisa. Akaunti zilifunguliwa siku hiyohiyo ya ununuzi. Kabla ya kadi iliyopita, kadi nyingine tatu zilikuwa zimekataliwa ndani ya dakika chache. Mnunuzi alitaka usafirishaji wa ghali kuliko wote bila kuuliza bei, na anwani ilikuwa ya ghala la wapitisha mizigo. Kwa hawa, tiba ni ule uthibitisho ambao benki ya mteja humtumia namba ya siri ya mara moja kwenye simu kabla ya malipo kupita. Malipo yaliyothibitishwa hivyo, mzigo wa 10.4 kwa kawaida hubebwa na benki iliyotoa kadi. Hausaidii chochote kwa vikapu vilivyochelewa. Mteja wa 13.1 hakatai kwamba ndiye aliyelipa.

Kuna kosa moja ambalo huzidisha hasara hata kwa muuzaji mwenye nia njema. Dada wa barua pepe, alipoona malalamiko ya vikapu, alitaka kumrudishia mteja pesa yake hapohapo. Kama pingamizi limekwishafunguliwa, benki imekwishaikata pesa hiyo. Ukiirudisha tena kwa mkono wako umelipa mara mbili, na kuidai ni safari ndefu. Kurudisha pesa ni kabla ya mteja kwenda benki. Baada ya hapo ni ama kulikubali pingamizi au kulijibu kwa vielelezo ndani ya muda uliopewa, ambao kampuni nyingi za malipo huufanya mfupi kuliko ule wa Visa.

Lile moja la Januari, la kikoi kilichodaiwa kuwa na rangi tofauti na ya pichani, halina la kusema kwa sasa. Likae kwenye daftari. Ikifika Mei yakawa manne, yote ya kikoi kilekile, ndipo mtu atoe kitambaa nje akakipige picha upya kwenye mwanga wa jua.