Mteja mpya anakugharimu shilingi ngapi?

Tuchukue mfano wa msambazaji wa maji ya kunywa jijini Dar es Salaam, anayepeleka madumu ya lita 20 majumbani. Mwezi mmoja amelipia matangazo ya Instagram shilingi 120,000, akapata wateja wapya 40. Anagawanya, anapata 3,000 kwa kichwa, anafurahi.

Hesabu hiyo ina pengo kubwa. Mwezi huohuo alimlipa kijana 200,000 apite nyumba kwa nyumba, akachapisha vipeperushi vya 50,000, na kila mteja mpya alipewa dumu la kwanza bure. Dumu hilo linamgharimu 2,500, kwa hiyo ofa peke yake imekula 100,000. Jumla ni 470,000. Kila mteja amemgharimu 11,750.

Sasa tuangalie mteja anarudisha nini. Dumu linauzwa 4,000, na mteja huchukua manne kwa mwezi, yaani 16,000. Wengi hukamata hiyo 16,000 na kuilinganisha na gharama, na hapo ndipo wanapojidanganya. Ukitoa maji na bodaboda, kila dumu linabakiza 1,500, na mwezi mzima 6,000. Fedha inayoweza kulipa gharama ya kumpata mteja ni hiyo tu.

Tuseme daftari linaonyesha kwamba wale 40 walidumu wastani wa miezi 5. Kila mmoja ameacha 30,000 dhidi ya 11,750, na biashara inaonekana nzuri. Lakini wastani huficha mengi. Ndiyo maana ni muhimu kumuuliza kila mteja mpya, “Umetujuaje?” na kuandika jibu lake kando ya jina.

Kati ya wale 40, tuseme 24 walitoka Instagram. Pamoja na dumu la bure, kila mmoja aligharimu 7,500. Wengi walifuata ofa, wakanunua mwezi mmoja, wakapotea, wakiwa wameacha 6,000 tu. Hao ni hasara, ingawa walionekana rahisi. Wale 16 walioletwa na kijana na vipeperushi vyake waligharimu 18,125 kila mmoja, lakini walidumu wastani wa miezi 11 na kuacha 66,000. Matangazo yalistahili kupunguzwa, na ofa ingefaa kuhamishiwa kwenye dumu la tano, ili anayekuja kwa ajili ya cha bure ajulikane mapema.

Lakini kabla ya kuajiri kijana wa pili, angalia pia muda. Mteja wa 18,125 anayebakiza 6,000 kwa mwezi hurudisha gharama yake baada ya miezi mitatu hivi. Wateja 16 wa namna hiyo wanashikilia 290,000 za mtaji. Kama fedha hiyo ni mkopo unaodaiwa mwisho wa mwezi, faida ya 66,000 itakuwa bado iko mbali siku mwenye deni atakapobisha hodi.