Mchoro wa sura unapouzwa, haki inakwenda kwa nani?

Mtu anayetaka zawadi ya harusi au ya mahafali jijini Nairobi hutuma picha moja kwa WhatsApp, na baada ya siku chache hupokea mchoro. Sura ni ile ile, ila sasa ni ya rangi za maji, au ya katuni, au imekatwakatwa kuwa vipande vya rangi bapa mithili ya bango. Wapo wachoraji wanaofanya kazi hii kwa penseli na brashi. Wapo pia wanaoingiza picha kwenye programu ya akili unde, wakachagua mtindo, kisha wakapeleka faili mjini kuchapwa kwenye kanvasi na kutiwa fremu. Muuzaji wa namna hii ya pili akiulizwa kama ana ruhusa ya kuuza, aghalabu hujibu kwamba amelipia programu, na masharti yake yanasema picha inayotoka ni mali yake.

Masharti yanasema hivyo kweli. Kinachosahaulika ni kwamba mwenye programu hawezi kumpa mtu asichokuwa nacho.

Tuchukue mfano wa kubuni. Bwana na bibi arusi wa Kangemi wana picha iliyopigwa na mpiga picha wa harusi waliyemlipa. Wanaituma kwa muuzaji aliyeko Kawangware, anaipitisha kwenye programu, anawapa mchoro wa kanvasi, nao wanalipa. Miezi miwili baadaye mkahawa mmoja wa Westlands unauona mchoro huo kwenye ukurasa wa muuzaji na kumwomba auchape kwenye mabango na vikombe vyake. Ili ajue kama anaweza kukubali, muuzaji huyu ana karatasi kadhaa za kusoma, na masharti ya programu ni moja tu kati ya hizo.

Tuanze na hayo masharti, kwa kuwa ndiyo anayoyategemea. Kampuni ya OpenAI, yenye ChatGPT, inamkabidhi mtumiaji haki zote ilizo nazo juu ya kinachotengenezwa, lakini inaongeza maneno mawili yenye uzito: kama zipo. Haisemi kwamba hakuna mtu mwingine mwenye haki. Masharti hayo hayo yanakataza kudai kwamba kazi imefanywa na binadamu ilhali si kweli, kwa hiyo muuzaji anayetangaza kuwa mchoro kama huo ameuchora kwa mkono ameyavunja, hata kama hakuna mteja aliyelalamika. Midjourney nayo inasema mtumiaji anamiliki picha alizozitengeneza. Kampuni yenye mapato ya zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka inatakiwa kuwa kwenye mpango wa Pro au Mega, na kiwango hicho hakimhusu muuzaji wa Kawangware. Kinachomhusu ni kwamba, asipokuwa kwenye mipango hiyo miwili ya juu, picha zake huonekana na watu wengine ndani ya huduma hiyo. Firefly ya Adobe haikuruhusu biashara ilipokuwa kwenye majaribio; ilipotoka kwenye majaribio Septemba 2023 ruhusa ikatolewa. Canva inaruhusu maua, fremu na mapambo yake yatumike kwenye bidhaa zinazouzwa, ilimradi yawe sehemu ya usanifu wako na si kuuzwa peke yake kama yalivyo.

Kwa jumla, basi, programu kubwa za kulipia zinaruhusu biashara. Pa kuwa mwangalifu zaidi ni kwenye programu ndogo za simu zinazogeuza uso kuwa katuni, na kwenye toleo la bure la huduma yoyote, kwa maana huko ndiko hupatikana sentensi inayofunga matumizi kuwa ya binafsi tu. Muuzaji atafute sentensi hiyo kabla ya nyingine zote. Halafu atafute kitu cha pili, yaani leseni ambayo yeye anaipa kampuni. Karibu kila huduma humwomba mtumiaji akubali kwamba ana haki zote juu ya picha anayoipakia. Anapobonyeza kukubali huku akipakia picha ya harusi ya watu wengine, ametoa ahadi ambayo pengine hana uwezo wa kuitimiza.

Hapo ndipo tunapofika kwenye picha yenyewe, na inafaa tutazame kinachotendeka ndani ya mashine. Programu nyingi za aina hii hazichori uso upya kutoka kwenye ukurasa mtupu. Huichukua picha, huitia chengachenga za nasibu hadi ikaharibika kwa kiasi fulani, kisha huzisafisha hatua kwa hatua zikielekea kwenye mtindo ulioombwa. Kwenye Stable Diffusion kiasi hicho cha uharibifu huitwa `strength`, nacho huanzia 0 hadi 1. Ikiwekwa 0.4 na hatua zikiwa 50, mashine hufanya hatua 20 tu za kusafisha, kwa sababu huanzia kwenye picha iliyoharibika nusunusu. Mwelekeo wa kichwa, kivuli cha pua na mkunjo wa shela vyote hubaki mahali pake. Ikiwekwa 0.9, karibu kila kitu hupotea, na mteja hurudi akisema huyu si mke wangu. Anayeuza sura lazima abaki upande wa chini, maana mteja amelipia ufanano.

Na ufanano ndio unaoingia kwenye sheria. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 kinampa mwenye hakimiliki udhibiti wa kunakili na kugeuza kazi yake, si katika umbo lake la asili tu bali pia katika umbo lolote linalotambulika kuwa limetokana nayo. Ipo njia rahisi ya kupima jambo hili. Weka mchoro juu ya picha kwenye programu yoyote ya kuhariri, punguza ukolezi wa mchoro hadi nusu, na utazame. Kingo za vivuli zikilingana na nywele zikaanguka mahali pale pale, huwezi kusema umepata tu wazo kutoka kwenye picha hiyo.

Mtindo wenyewe ni suala jingine. Hakimiliki hailindi namna ya kuchora, na ndiyo maana kuuza sura yenye macho makubwa na mandhari laini ya katuni za Kijapani hakumfanyi mtu kuwa mwizi moja kwa moja. Kumweka bibi arusi ubavuni mwa mhusika maarufu wa filamu ni jambo tofauti, kwa kuwa mhusika yule ana mwenyewe. Disney na Universal waliishtaki Midjourney mjini Los Angeles Juni 2025 kwa sababu ya wahusika, wala si kwa sababu ya mtindo.

Kesi iliyoonyesha vizuri zaidi hatari ya kuuza tena mchoro wa sura ilitoka Marekani. Mwaka 1981 mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lililipa dola 400 ili picha hiyo iwe kielelezo cha mchoro wa Andy Warhol, kwa matumizi ya mara moja. Warhol alitengeneza michoro 16. Prince alipofariki 2016, kampuni inayomiliki jarida hilo ilililipa shirika la urithi wa Warhol dola 10,000 kutumia mchoro mwingine wa mfululizo huo kwenye jalada, na Goldsmith hakupata kitu. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 7 dhidi ya 2, iliona kwamba lengo la kutoa leseni ile halikuwa kinga kwa shirika hilo, kwani picha na mchoro vilikuwa vikiuzwa kwa kazi ile ile, yaani kumwonyesha Prince jaridani. Ruhusa ya mwanzo ilikuwa halali, lakini haikufika hadi matumizi ya pili.

Mkahawa wa Westlands ni matumizi ya pili, na hapa sheria ya Kenya ina kipengele ambacho naona kila muuzaji wa michoro anapaswa kukijua. Kazi iliyotengenezwa kwa kompyuta mtunzi wake ni yule aliyefanya matayarisho ya kuitengeneza, kwa hiyo muuzaji wetu ana pa kusimama, ilimradi awe ametia juhudi ya kutosha kuipa kazi sifa yake yenyewe. Lakini kifungu cha 31 kinasema kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wa mtunzi, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, ila pale walipokubaliana vinginevyo. Programu ilimwambia muuzaji kwamba mchoro ni wake. Sheria ya nchi imeuhamishia kwa wale wanandoa. Mkahawa unamwomba kitu ambacho hakiko tena mikononi mwake.

Kipengele hicho hicho humsaidia upande mwingine. Kwa kuwa wanandoa ndio walioagiza picha ya harusi, hakimiliki ya picha nayo imewafuata wao, mkataba wa mpiga picha usipokuwa umeizuia. Baadhi ya mikataba ya harusi huizuia, hivyo muuzaji aombe kuuona. Picha iliyochukuliwa Instagram bila kuagizwa na mteja haina njia hii; hiyo ni ya aliyeipiga.

Zinabaki nyuso zenyewe, ambazo haki zake hazitegemei nani ana hakimiliki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa zake binafsi, na matumizi ya kibiashara yanahitaji ridhaa yake ya wazi. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza Casa Vera, kilabu cha Ngong Road, shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Wakati huo huo shule ya Roma ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Uthiru na Kangemi ni majirani. Muuzaji anayepakia uso wa mtoto kwenye huduma ambayo picha zake huonekana na wengine, kisha akaubandika mchoro kwenye ukurasa wake ili kuvutia wateja, anafanya jambo linalokaribia sana lile lililoigharimu shule hiyo. Kuugeuza uso kuwa katuni hakubadilishi chochote iwapo jirani bado anamtambua mtoto.

Kwa hiyo kabla ya kuanza kazi muuzaji anahitaji sentensi chache zilizoandikwa na kutiwa saini, kwa kuwa sheria inataka uhamisho wa hakimiliki na leseni ya pekee viwe kwa maandishi. Ya kwanza, mteja athibitishe ni nani aliyepiga picha na kwamba ana haki ya kuitoa. Ya pili, waliomo pichani, au wazazi wao, wakubali picha ipakiwe kwenye huduma iliyotajwa jina. Ya tatu iseme hakimiliki ya mchoro itabaki kwa nani, na kama muuzaji anaruhusiwa kuuonyesha kwenye ukurasa wake. Mkahawa ukija, wanandoa ndio watakaotoa leseni, yenye kutaja bidhaa, muda na malipo, na muuzaji apate sehemu yake kadiri walivyokubaliana siku ya kwanza.