Je, Mgongo wa Binti Yako Umenyoka?

Mama mmoja wa hapa Kindu alimshonea binti yake wa miaka 12 nguo ya shule. Kila alipomvika, upindo ulishuka upande mmoja. Akafumua, akashona tena, bado. Ndipo akajua kwamba kosa si la sindano.

Nawe waweza kupima nyumbani. Mama na binti waingie chumbani, binti avue nguo ya juu. Asimame miguu pamoja, magoti yamenyoka, viganja pamoja, kisha ainame polepole mpaka mgongo ulale kama meza. Simama nyuma yake, ushushe macho yawe sawa na mgongo. Ukiona mbavu za upande mmoja zimeinuka kuliko za upande wa pili, huenda uti wa mgongo umepinda na kujizungusha. Pande zikiwa sawa, huenda ni kusimama vibaya tu.

Mara nyingi sababu haijulikani. Si kitunga cha mihogo alichobeba, wala si uchawi wa jirani.

Lakini usikawie, maana mgongo hupinda zaidi wakati mtoto anapokua upesi. Binti yule alikuwa hajaanza hedhi, basi alikuwa na miaka ya kukua mbele yake. Picha ya mifupa ilionyesha pembe ya digrii 18. Chini ya digrii 25 daktari hungoja na kupima tena. Baada ya miezi 6 ilikuwa 27, akapelekwa kwa daktari wa mifupa, akapewa mkanda mgumu wa plastiki. Mkanda huo kazi yake ni kuzuia mgongo usipinde zaidi. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013, uliofanywa Amerika na Kanada, kati ya kila vijana 100 waliovaa mkanda, 72 walimaliza kukua bila pembe kufika digrii 50. Kati ya wasiovaa, 48 tu. Waliofaidika zaidi ni wale waliouvaa saa nyingi kila siku. Pembe ikikaribia 50, daktari hufikiri habari ya upasuaji.

Mama akauliza, “Je, mazoezi hayatoshi?” Nikamjibu: Mama, mazoezi hutia nguvu misuli, na yale maalumu, yakifundishwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, yaweza kusaidia pembe ndogo. Lakini kuning'inia mtini hakunyoshi mfupa, wala mazoezi hayachukui nafasi ya mkanda. Wala msimpeleke kwa mtu wa kumkanda na kumvuta mgongo.

Tena kuna dalili zisizongoja hata wiki moja: maumivu ya usiku, homa, kukonda, miguu kulegea, au kinundu kilichochomoza katikati ya mgongo. Hiyo yaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, nacho huponywa kwa dawa kikijulikana mapema.

Basi, tangu miaka 10 mpaka mtoto amalize kukua, mwinamishe na kumtazama kila miezi 6. Ukiona mbavu zimeinuka upande mmoja, mlete.